Kura ilipita, kiongozi mpya akapatikana, lakini maandishi yamepotea: nadharia ya CAP inalielezaje hili?

Mhifadhi (#1)

Habari za humu, wakuu. Naomba mnisaidie kulielewa jambo ambalo limenikosesha raha.

Tuna vituo vitatu. Kituo cha kwanza kina seva kuu ya PostgreSQL, cha pili kina nakala yake, na cha tatu hakina hifadhidata bali kina mpiga kura tu. Kila kituo kina mwanachama mmoja wa etcd, na Patroni ndiyo inayosimamia nani awe kiongozi. Nilipoujenga mfumo huu nilijiridhisha kwamba etcd inatumia Raft, kwamba Raft inahitaji wengi wakubaliane, na kwamba kwa sababu hiyo tumechagua uthabiti badala ya upatikanaji katika ile nadharia ya CAP.

Kisha mtandao wa kituo cha kwanza ukakatika kwa muda mfupi. Kura zilipigwa ipasavyo, nakala ya kituo cha pili ikapandishwa cheo, na huduma ikaendelea. Mtandao uliporudi tukagundua kwamba yapo maombi ya huduma ambayo watumiaji walijibiwa kuwa yamepokelewa, na kwenye seva kuu mpya hayamo kabisa. Mengine machache yamo mara mbili.

Dai langu ni kwamba jambo hili lisingewezekana ikiwa makubaliano yalifanya kazi yake. Kwa hiyo ama etcd ina kasoro, ama sisi tumeisoma vibaya nadharia yenyewe. Ni lipi?

Mtambo (#2)

Mkuu Mhifadhi, pole. Nadharia inasema kuna mambo matatu, yaani uthabiti, upatikanaji na uvumilivu wa mgawanyiko, na unaruhusiwa kuchukua mawili tu. Mfumo wako uliendelea kutoa huduma mtandao ulipokatika, kwa hiyo ulichukua upatikanaji na uvumilivu, na uthabiti ukautoa kafara bila kujua.

Ushauri wangu ni uongeze mwanachama wa nne wa etcd katika kituo cha kwanza ili kura zisihame kirahisi kila mtandao unapoyumba.

Kipimo (#3)

Mtambo, wanachama wanne hawakupi nguvu zaidi ya watatu. Wengi katika wanne ni watatu, kwa hiyo unaweza kumpoteza mmoja tu, sawasawa na pale ulipokuwa na watatu, na sasa una mashine moja zaidi ya kuharibika. Mbaya zaidi, ukiwaweka wawili upande mmoja na wawili upande wa pili, mkato wowote katikati unawaacha wote bila akidi.

Kuhusu lile la mawili kati ya matatu, Eric Brewer, aliyelitoa wazo hili mwaka 2000, mwenyewe aliandika mwaka 2012 kwamba namna hiyo ya kulieleza inapotosha. Mgawanyiko si kitu unachokichagua, kwani mtandao hukatika bila kukuomba ruhusa. Uthibitisho wa Seth Gilbert na Nancy Lynch wa mwaka 2002 unasema jambo dogo zaidi. Ikiwa pande mbili haziwezi kuwasiliana, na upande mmoja ukapokea andiko, basi upande wa pili ukiulizwa utakuwa na njia mbili tu: kujibu kwa habari ya zamani, au kutojibu. Hayo ndiyo yote. Nadharia haisemi lolote kuhusu mfumo mzima kwa jina lake. Inasema kuhusu ombi moja, kwenye seva moja, kwa wakati ule.

Kwa hiyo ndugu Mhifadhi, swali lako ningeligeuza kidogo. Mtumiaji alipojibiwa "limepokelewa", ni mashine ngapi zilikuwa tayari zimelishika ombi lake? Nijibu hilo kwanza.

Bibi_Nakala (#4)

Nimesoma haraka, lakini naona tatizo ni kwamba hawakuwa na nakala za akiba za kila siku. Sisi tunachukua nakala kamili kila usiku na kuihifadhi kwingine, na tukipoteza kitu tunakirejesha. Mwanangu, ungekuwa na utaratibu huo usingehangaika.

Kipimo (#5)

Mama Bibi_Nakala, akiba za usiku ni muhimu na asiache kuzichukua, ila haziligusi jambo hili. Maandishi anayoyatafuta yaliandikwa na kupotea ndani ya dakika moja, wakati wa mchana. Akiba ya usiku uliotangulia haiyajui, na akiba ya usiku uliofuata ilichukuliwa kwenye seva ambayo haikuwahi kuyaona.

Mhifadhi (#6)

Kipimo, asante. Urudufishaji wetu si wa kusubiriana. Seva kuu inaandika kwenye diski yake, inamjibu mtumiaji, na nakala inapokea baadaye. Kwa hiyo jibu ni mashine moja. Lakini katika siku za kawaida nakala huwa nyuma kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, nasi tulidhani hicho ndicho kiwango cha juu tunachoweza kupoteza.

Na bado sijaelewa. Wanachama watatu wa etcd walikubaliana. Walikubaliana nini basi?

Kipimo (#7)

Walikubaliana juu ya jina la kiongozi, basi. Ndani ya etcd yako kuna ufunguo mmoja unaosema nani ameshika uongozi na hadi lini. Raft ililinda ufunguo huo vizuri, na sina shaka ulikuwa sahihi muda wote. Data yako haikupita kwenye Raft hata siku moja. Ilipita kwenye njia nyingine, ile ya PostgreSQL, ambayo haina kura.

Ni sawa na kikao kilichomchagua katibu mpya kwa kufuata akidi na taratibu zote, bila mjumbe yeyote kumwuliza kama anao muhtasari wa kikao kilichopita.

Linganisha na mfumo ambao data yenyewe imo ndani ya logi ya Raft. Humo, andiko halihesabiwi kuwa limethibitishwa hadi liwe kwenye logi za walio wengi. Na mgombea anapoomba kura, kila mpiga kura anailinganisha logi ya mgombea na yake: kwanza muhula wa ingizo la mwisho, kisha namba yake. Ikiwa logi ya mgombea iko nyuma, ananyimwa kura. Kwa kuwa andiko lililothibitishwa liko kwa walio wengi, na mshindi lazima apigiwe kura na walio wengi, makundi hayo mawili yatakutana kwa angalau mwanachama mmoja, na huyo hatakubali kumpigia asiyelijua andiko hilo. Kura na data ni kitu kimoja hapo. Kwako zimetenganishwa, na mpiga kura wa kituo cha tatu hana hata njia ya kujua nani ana data nyingi zaidi isipokuwa kwa kusoma namba aliyoandikiwa.

Mwanalogi (#8)

Kabla mazungumzo hayajaenda mbali: Mhifadhi, je, umeshaendesha `pg_rewind` kwenye seva kuu ya zamani? Kama bado, tafadhali usiiendeshe. Ushahidi wako wote uko kwenye diski ile, na amri hiyo itairudisha ile seva hadi pale njia zilipoachana, kisha itaifuatisha seva mpya. Nakili saraka nzima ya data kwanza.

Halafu nenda kwenye seva kuu mpya ufungue faili liitwalo `00000002.history` ndani ya `pg_wal`. Nakala inapopandishwa cheo huanza tawi jipya la historia, na faili hilo hutaja mahali hasa pa kuachana. Tuletee namba hiyo pamoja na mahali pa mwisho seva ya zamani ilipofika.

Mhifadhi (#9)

Bado sijaiendesha, nashukuru Mungu. Saraka nimeshainakili. Faili lina mstari mmoja:

```
1	0/5000150	no recovery target specified
```

Seva ya zamani iliishia `0/50A3F28`. Nimezitoa:

```
SELECT pg_wal_lsn_diff('0/50A3F28', '0/5000150');
 671192
```

Mtambo (#10)

Basi fumbo limefumbuliwa. Patroni ina kigezo kiitwacho `maximum_lag_on_failover`, na kama hukukigusa thamani yake ni baiti 1048576. Nakala iliyo nyuma kwa chini ya kiasi hicho inaruhusiwa kugombea. Nakala yako ilikuwa nyuma kwa baiti 671192, ambazo ni pungufu, ndiyo maana ikaruhusiwa. Punguza kigezo hicho na tatizo litaisha.

Kipimo (#11)

Mtambo, kigezo umekitaja sawasawa, na thamani yake ya awali ni hiyo hiyo. Umepotea kwenye kinacholinganishwa na nini. Nakala inalinganisha mahali ilipofika na namba ya mwisho ambayo kiongozi aliiandika kwenye etcd. Kiongozi alipokatwa hakuweza tena kuandika etcd, kwa hiyo namba iliyokuwepo ilikuwa ya kabla ya mkato. Yote aliyoyapokea baada ya hapo hayakuonekana na mtu yeyote. Huenda nakala ilijiona iko nyuma kwa baiti chache tu, au haiko nyuma kabisa, na ikagombea kwa haki. Kigezo ungekishusha hadi kidogo kabisa, bado kisingezihesabu baiti ambazo hazikuripotiwa.

Kinachobaki ni kujua zile baiti 671192 ziliandikwa lini. Mwanalogi anajua pa kuangalia.

Mwanalogi (#12)

Kwenye nakala uliyoihifadhi ya seva ya zamani, endesha hii:

```
pg_waldump -p pg_wal -t 1 -s 0/5000150 -r Transaction
```

Itakuonyesha rekodi za miamala tu kwenye tawi la kwanza, kuanzia mahali pa kuachana. Kila `COMMIT` ina saa yake. Ziangalie saa hizo ukiwa na mambo mawili kichwani. Zikiwa zote ni za kabla ya mkato, basi ni ucheleweshaji wa kawaida wa nakala. Zikiwa za baada ya mkato, basi seva yako ya zamani iliendelea kupokea na kujibu ikiwa peke yake.

Sanduku (#13)

Naongeza kisa changu wakati tukimsubiri. Mahali nilipofanya kazi zamani, mtandao haukukatika kabisa. Mashine pepe ya kiongozi ilisimamishwa na jukwaa lililoibeba ili ipigwe picha ya diski, ikaganda, kisha ikaamka na kuendelea kama vile hakuna kilichotokea. Kwa saa yake ya ndani hakuna muda uliopita. Wengine walikuwa wameshachagua kiongozi mpya. Ile iliyoamka ilimalizia maombi yaliyokuwa mkononi mwake na kuyajibu kabla programu yake ya usimamizi haijapata nafasi ya kutazama tena kufuli la uongozi.

Ninachotaka kusema ni kwamba kwa walio nje, mashine iliyoganda na mashine iliyokatwa mtandao hazitofautiki. Fischer, Lynch na Paterson walionyesha mwaka 1985 kwamba pasipo kikomo cha muda wa ujumbe kufika, hakuna mbinu isiyotumia bahati nasibu inayoweza kuhakikisha kwamba makubaliano yatafikiwa ikiwa hata mshiriki mmoja anaweza kufa. Chanzo ni hicho hicho: huwezi kumtofautisha aliyekufa na anayechelewa. Muda wa kusubiri ni kukisia, na mifumo yote tunayoitumia inakisia.

Mhifadhi (#14)

Nimerudi. Kwa kumbukumbu za ruta, mkato ulianza 10:14:05. Kwa kumbukumbu za Patroni, kiongozi wa zamani alihuisha kufuli kwa mara ya mwisho 10:14:03, na nakala ilipandishwa cheo 10:14:37. Vigezo vyetu ni vya awali: `ttl` 30, `loop_wait` 10, `retry_timeout` 10.

Sasa rekodi za `COMMIT`. Chache sana zina saa ya 10:14:04 na sehemu zake. Nyingi ziko kati ya 10:14:05 na 10:14:23. Halafu kuna ukimya, na mwishoni kabisa zipo chache zenye saa ya 10:14:40 na 10:14:41.

Zile za kundi la mwisho zimenishtua, kwa sababu wakati huo kulikuwa tayari na kiongozi mwingine.

Kipimo (#15)

Kazi nzuri sana, ndugu yangu. Tuyatazame makundi hayo moja moja, kwa sababu kila moja lina sababu yake.

Zile za 10:14:04 ni ucheleweshaji wa kawaida. Ziliandikwa, mtumiaji akajibiwa, na kabla hazijafika kwa nakala njia ikakatika. Hicho ndicho kiasi mlichodhani kuwa kiwango cha juu cha hasara.

Kundi kubwa la katikati ndilo la kulitazama kwa makini, kwa sababu halitokani na kasoro yoyote. Kiongozi alihuisha kufuli 10:14:03. Zamu yake iliyofuata ilikuwa baada ya sekunde 10, yaani 10:14:13. Hapo akajaribu kuifikia etcd, akashindwa, akaendelea kujaribu kwa sekunde 10 nyingine ambazo ndizo `retry_timeout`, hadi 10:14:23. Ndipo akajivua uongozi. Kufuli lenyewe lilikuwa halijaisha muda hadi 10:14:33, kwa hiyo alijivua kabla mwingine hajaruhusiwa kulishika. Viongozi wawili hawakuwepo. Usalama ambao Patroni inauahidi ulitimia kikamilifu.

Lakini kati ya 10:14:05 na 10:14:23, kwa sekunde 18, kiongozi halali aliyekuwa amekatwa aliendelea kupokea maombi kutoka kwa programu zilizo kwenye kituo chake, akayaandika kwenye diski yake, na akawajibu watu kwamba yamepokelewa. Hakuna mashine nyingine duniani iliyokuwa na maandishi hayo. Hapo ndipo nadharia ya CAP ilipofanya kazi, ndugu Mhifadhi. Wakati ule kila ombi lilikuwa na njia mbili, kusubiri au kujibu bila uhakika, na mpangilio wenu ulijibu.

Kundi la tatu silijui bado.

Hadubini (#16)

Kisa hiki kina ndugu yake mkubwa kwenye rekodi za umma. Tarehe 21 Oktoba 2018, kiungo cha GitHub kati ya kitovu cha mtandao na kituo chao kikuu cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani kilikatika kwa sekunde 43 wakati wa matengenezo. Chombo chao cha kusimamia MySQL, kiitwacho Orchestrator, kilikuwa kinatumia Raft kwa kura. Wanachama wa pwani ya magharibi pamoja na wale wa wingu la umma la mashariki wakapata akidi na kuhamishia uongozi magharibi. Upande wa mashariki ulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayajavuka, na upande wa magharibi ukaanza kupokea mapya. Sasa kila upande una maandishi ambayo mwenzake hana, na hakuna wa kumfuata mwenzake bila kupoteza kitu.

Ukarabati wao ulichukua saa 24 na dakika 11, na walieleza waziwazi kwamba waliamua kuchelewesha huduma ili kulinda data. Kwenye moja ya makundi yao yenye shughuli nyingi, maandishi yaliyohusika yalikuwa 954. Kura ilifanya walichoiagiza.

Mtambo (#17)

Sawa, Kipimo, nimekufuata hadi hapo, ingawa unanisahihisha kila ninapofungua mdomo. Basi dawa ni wazi. Awashe urudufishaji wa kusubiriana, seva kuu isimjibu mtu hadi nakala ithibitishe kuwa imeandika. Sekunde zile 18 zingekuwa sekunde za kusubiri, si za kupoteza. Kwa nini watu hawafanyi hivyo siku zote?

BintiSeva (#18)

Kaka Mtambo, kwa sababu wanailipia kila siku, hata mtandao ukiwa mzima. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Vituo vikiwa umbali wa kilomita 4,000, kwenda ni milisekunde 20 na kurudi ni 20, na hapo hujahesabu ruta wala diski.

Milisekunde 40 zinaonekana kidogo hadi ukutane na safu moja inayogombaniwa. PostgreSQL haiachii kufuli za muamala hadi nakala ijibu. Kama mna safu ya kuhesabia, na kila ombi linaongeza moja juu yake, basi maombi yanapita moja baada ya jingine, na kwa milisekunde 40 kila moja huwezi kuzidi 25 kwa sekunde, hata ukinunua mashine ya namna gani. Miamala inayogusa safu tofauti haipati shida hiyo, kwani husubiri pamoja. Nimeona mfumo ukipita majaribio yote na kukwama siku ya kwanza ya kazi kwa sababu ya safu moja ya jumla.

Daniel Abadi aliliandika hili mwaka 2012, kwamba CAP inatuzungumzisha kuhusu mkato ilhali bei kubwa tunailipa pasipokuwa na mkato.

Kipimo (#19)

Dada BintiSeva amesema kweli, nami naongeza tahadhari moja kwa atakayeuwasha. Katika PostgreSQL, rekodi ya `COMMIT` huandikwa kwanza kwenye diski ya seva kuu, ndipo kusubiri kunaanza. Seva ikianguka katikati ya kusubiri, ikiwaka tena muamala huo utakuwa umethibitishwa hapo, ingawa nakala haukuufikia na mtumiaji hakujibiwa. Kwa hiyo kukuta `COMMIT` kwenye `pg_waldump` hakumaanishi mtu aliahidiwa kitu. Kwa Mhifadhi inamaanisha hivyo, kwa sababu hawakuwa wanasubiri. Kwa atakayesubiri, maana yake hubadilika.

Pia, kwa nakala moja tu, kusubiri kunamaanisha kwamba nakala ikifa, maandishi yote yanasimama. Patroni ina `synchronous_mode`, ambayo katika hali hiyo huondoa sharti la kusubiri ili huduma iendelee, na huandika kwenye etcd kwamba nakala ile si ya kuaminika tena kugombea. Kiongozi aliyekatwa kutoka etcd hawezi kuliandika hilo, kwa hiyo atasubiri tu hadi ajivue. Hapo kura na data zimekaribiana tena.

Mhifadhi (#20)

Nimeelewa sekunde 18. Kundi la tatu je, lile la 10:14:40? Na yale maombi yaliyorudiwa mara mbili?

Sanduku (#21)

Kundi la tatu linafanana na kisa changu. Nadhani PostgreSQL ilipoambiwa isimame 10:14:23, michakato michache iliganda, pengine kwa diski, ikamalizia baadaye. Je, mmewasha `watchdog`? Hicho ni kifaa cha kuizima mashine kwa nguvu ikiwa Patroni haijaitikia kwa muda. Bila hicho, mnategemea mchakato mgonjwa ujitangaze kuwa mgonjwa.

Mwanalogi (#22)

Mimi sikubali haraka hivyo. Saa zilizo kwenye `COMMIT` ni za mashine yenyewe. Mkato uliikata pia na seva za kulinganishia muda. Ikiwa saa ya mashine ile ilisahihishwa kwa kurukishwa mbele, muamala uliotokea 10:14:23 unaweza kuandikwa 10:14:40. Ukimya uliopo kati ya makundi hayo mawili ndio unaonifanya nishuku mruko. Mhifadhi, tafuta kwenye kumbukumbu za huduma ya saa kama kuna marekebisho ya ghafla, na kwenye logi ya PostgreSQL tafuta mstari wa `received fast shutdown request` au `received immediate shutdown request`. Ukija kabla ya `COMMIT` za mwisho, Sanduku ana hoja. Ukija baada yake, saa iliruka.

Sanduku (#23)

Mstari huo nao una saa ya mashine ile ile, Mwanalogi. Mpangilio wa mistari utatusaidia, saa zenyewe hazitatusaidia.

Mwanalogi (#24)

Ndiyo maana nimesema kabla na baada, sikutaja saa.

BintiSeva (#25)

Kuhusu yaliyorudiwa, naona mnaliacha bila sababu. Ombi lilifika, likaandikwa, likavuka hadi kwa nakala kabla ya 10:14:05, na jibu lake likakatikia njiani kwa programu zilizo kituo cha pili. Programu ikaona kimya, ikajaribu tena kwa kiongozi mpya, ikaandika mara ya pili. Hakuna urudufishaji unaoweza kuzuia hilo, kwa sababu seva haijui kwamba ni ombi lile lile. Programu ilibidi itume namba ya ombi iliyotungwa upande wa mtumiaji, na jedwali liwe na sharti la upekee juu ya namba hiyo.

Mhifadhi (#26)

Namba hiyo tunayo, ila inatungwa upya kila programu inapojaribu tena. Nimeiangalia sasa hivi. Hata hivyo, baadhi ya yaliyorudiwa ni ya watumiaji wa kituo cha kwanza, ambao njia yao kwenda kwa seva kuu haikukatika. Kwa hao maelezo yako hayatoshi, dada.

Hadubini (#27)

Hao huenda walibonyeza tena wenyewe baada ya kuona ombi lao halipo kwenye kiongozi mpya, na kisha mtu wa timu yenu akayaingiza yale ya zamani kwa mkono. Uliza kwanza nani aligusa hifadhidata ile siku hiyo.

Mtambo (#28)

Narudi kwenye swali la kusubiriana, kwa sababu nataka kutoka na kitu cha kufanya. Je, mtu anaweza kuwasha kusubiri kwa maombi muhimu tu, na mengine yakapita haraka? Au ukichanganya, lile muhimu linaweza kufika kwa nakala likiwa limetangulia lile dogo linalolitegemea?

Kipimo (#29)

Inawezekana. Sharti liwe limewashwa kwa wote, na kwa muamala usio na uzito uandike:

```
SET LOCAL synchronous_commit TO local;
```

Na hofu yako ya pili, ambayo ni swali zuri, haina nafasi kwenye PostgreSQL, kwa sababu WAL ni mkondo mmoja. Muamala muhimu unaposubiri nakala ithibitishe mahali fulani, kila kilichoandikwa kabla ya mahali hapo kimeshafika pia, kiwe kilisubiri au hakikusubiri. Kinachoweza kupotea ni mkia tu, yaani miamala midogo iliyokuja baada ya muamala muhimu wa mwisho.

BintiSeva (#30)

Ila mtumiaji aliyejibiwa kwenye mkia huo haoni kwamba ombi lake ni dogo. Mhifadhi, ni nani kwenu anayeamua muamala upi hauna uzito, mwandishi wa programu au mwenye data? Sisi tulibishana juu ya hilo kuliko tulivyobishana juu ya vigezo vyote vya Patroni, na mpaka leo majedwali mawili hayajapata jibu.